Kila Risiti ya Pango Ina Tarehe Mbili

Wanachuo wenzangu, kuna kazi ambayo wengi wetu tunapewa tukirudi nyumbani likizo, na hakuna kozi inayoifundisha. Mzazi, shangazi au jirani mwenye nyumba za kupangisha anakuita na kukuambia, "Wewe si uko chuo? Nitengenezee hesabu ya nyumba, naipeleka benki." Haijalishi unasoma uhasibu, ualimu au kilimo. Una kompyuta, basi imetosha. Jioni simu inaanza kulia: picha ya risiti, picha ya ukurasa wa daftari, picha ya meseji ya M-Pesa, picha nyingine ya risiti ileile ila safari hii kidole kimefunika tarehe. Kinachotakiwa ni jedwali moja safi la mapato, Januari mpaka Desemba.

Wengi tunalimaliza kwa saa mbili. Unafungua picha, unasoma kiasi na tarehe, unakiweka kwenye mwezi wa tarehe hiyo, unajumlisha. Limekwisha. Msimamo wangu ni kwamba jedwali la namna hiyo halipaswi kutoka mikononi mwa mwanachuo. Hesabu zake zinaweza kuwa sahihi mpaka shilingi ya mwisho, na bado likawa linasema uongo kuhusu nyumba na kuhusu watu wanaoishi humo.

Sababu ni moja. Risiti ya pango ina tarehe mbili. Ya kwanza ni siku pesa ilipotolewa. Ya pili ni kipindi ambacho pesa hiyo inakilipia. Jedwali la mapato kwa mwezi linajengwa juu ya hiyo ya pili, na hiyo ya pili ndiyo ambayo mara nyingi haikuandikwa.

Kwa nini Nachingwea na Ruangwa

Mahali ambapo wapangaji wote ni waajiriwa wanaolipa kila tarehe 30, kosa hili lisingeonekana sana. Lakini kwetu Lindi pesa haiji hivyo. Nachingwea na Ruangwa ni wilaya za korosho. Minada inaanza kwenye Oktoba, korosho zinauzwa kupitia vyama vya msingi chini ya chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na mkulima anasubiri malipo yake yaingie benki. Akilipwa ndipo anapolipa: ada ya mtoto, deni la dukani, na kodi ya chumba anachopanga mjini, pengine ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo.

Tukumbuke msimu wa 2018. Bei za minada zilikataliwa, na mwezi Novemba serikali ikatangaza kununua korosho yote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Uhakiki wa wakulima ukachukua muda na wapo waliosubiri malipo yao mpaka mwaka uliofuata. Mwenye nyumba anayepanga risiti kwa tarehe ya kulipwa, jedwali lake la mwisho wa 2018 lingeonyesha vyumba vitupu. Havikuwa vitupu. Watu walikuwa wanalala humo, wanadaiwa.

Upande wa pili wapo wapangaji wa aina nyingine kabisa. Ruangwa ina mgodi wa kinywe, ina ofisi, ina maduka, na taasisi inayopanga fremu inalipa kwa miezi mitatu mitatu kupitia benki. Kwa hiyo mwenye nyumba mmoja anaweza kuwa na mpangaji wa msimu na mpangaji wa robo mwaka kwa wakati mmoja. Ukizichanganya pesa zao kwa tarehe ya kuingia, unapata mwezi mmoja wa neema na miezi mitatu ya njaa, na wala hakuna mwezi hata mmoja kati ya hiyo uliokuwa hivyo.

Kabla ya namba, picha

Anza kwa kuuliza picha zilikujaje. Kwenye simu ya Android, picha iliyopita WhatsApp inakuwa na jina kama `IMG-20241109-WA0003.jpg`. Wengi wanaisoma hiyo 20241109 kama tarehe ya malipo. Siyo. Ni siku picha ilipofika kwenye simu. Risiti ya mwezi wa saba ikitumwa Novemba inabeba jina la Novemba. WhatsApp pia inapunguza ukubwa wa picha na kufuta kumbukumbu ya siku ilipopigwa, na ndiyo maana 3 na 8 za kalamu iliyofifia zinaanza kufanana. Mwombe mtumaji aitume kama faili, yaani kwa kitufe cha `Document`, au bora zaidi kaa na kitabu chenyewe mkononi kwa nusu saa.

Kisha ipe kila picha jina jipya lenye namba ya risiti na chumba, kwa mfano `0114_CH2.jpg`. Tumia namba za vyumba, usitumie majina ya wapangaji. Picha hizi zina majina na namba za simu za watu ambao hawajakupa wewe ruhusa yoyote, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jedwali linaloenda benki halihitaji kumtaja mtu kwa jina ili lijulishe chumba kinaingiza kiasi gani.

Ukishazipanga kwa namba ya risiti, angalia namba zinazoruka. Kitabu cha risiti kina mfuatano na nakala ya kaboni, na huo ndio ulinzi wako mkubwa kuliko fomula yoyote. Ikiwa una 0111 na 0113, uliza 0112 iko wapi. Ikikutwa kitabuni na nakala zote mbili, imechorwa mstari, basi ilikosewa na kufutwa. Ikikutwa nakala ya kaboni peke yake, halisi imeng'olewa, basi kuna mtu alilipa na picha yake hukuletewa.

Jambo la mwisho kabla ya hesabu ni neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu "kodi" ni pango la nyumba, na "kodi" hiyohiyo ni ya serikali. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mpangaji anayenunua umeme ndiye anayemlipia mwenye nyumba kodi hiyo, na wengine wanadai irudishwe au ikatwe kwenye kodi ya chumba. Ukiandika safu mbili zote zinaitwa "kodi", hata wewe mwenyewe baada ya wiki hutajua ipi ni ipi. Kwenye jedwali andika "pango" kwa kinacholipwa na mpangaji, na neno kodi liachie serikali. Nami nitafanya hivyo kuanzia hapa.

Mama mmoja, vyumba vitatu na fremu

Tuchukue mfano. Nimeutunga, na namba nimezifanya nyepesi, ila mambo yaliyomo ni yale yanayotokea. Mama ana vyumba vitatu Nachingwea mjini na fremu moja Ruangwa. Anataka jedwali la 2024.

Chumba cha kwanza anaishi mwalimu, pango 40,000 kwa mwezi. Risiti 0110 ya 5 Januari 2024 ni ya 240,000, imeandikwa "Januari hadi Juni". Risiti 0111 ya 8 Julai ni ya 240,000, "Julai hadi Desemba". Hapa hakuna kesi. Kila mwezi unapata 40,000, japo pesa iliingia mara mbili tu.

Chumba cha pili ndicho chenye somo. Pango ni 30,000. Kwa mwaka mzima wa 2024 kuna risiti moja, 0114 ya 9 Novemba, shilingi 360,000, na kwenye nafasi ya "kwa ajili ya" imeandikwa maneno mawili: chumba 2. Gawanya kwa 30,000 unapata miezi 12. Ipi?

Mtu mwenye haraka ataianzisha Novemba 2024 iende mpaka Oktoba 2025. Mwingine atasema hapana, huyu ni mkulima, analipa deni, kwa hiyo ni Novemba 2023 mpaka Oktoba 2024. Wote wawili wanakisia. Jibu limelala kwenye risiti ya nyuma yake, 0109 ya 20 Novemba 2023, shilingi 180,000, "hadi Aprili 2024". Hiyo ni miezi sita, Novemba mpaka Aprili. Kwa hiyo pango lililokuwa halijalipwa lilianza Mei 2024, na miezi 12 kutoka Mei inafika Aprili 2025. Miezi sita ilikuwa deni, Novemba ni mwezi wenyewe, na mitano ni ya mbele.

Hata baada ya kufikia hapo, usiandike bado. Mpigie. "Shikamoo baba. Samahani, mama amenipa kazi ya kupanga risiti. Ile laki tatu na sitini ya Novemba uliilipia kuanzia mwezi gani?" Akikujibu, "Tangu mwezi wa tano, mwanangu, iliyobaki ni ya mbele," sasa unayo.

Ona kilichokuwa hatarini. Ukianzisha Novemba 2024, jedwali lako linaacha Mei mpaka Oktoba wazi, na mama ataona deni la 180,000. Atamdai mtu aliyekwisha lipa, na mtu huyo hana cha kumwonyesha zaidi ya karatasi iliyoandikwa "chumba 2". Ukiianzisha Novemba 2023, miezi sita ya kwanza inagongana na risiti 0109, na mama ataanza kudai tena kuanzia Novemba wakati mzee amelipa mpaka Aprili. Kosa la mwezi kwenye kompyuta yako linageuka kuwa ugomvi mlangoni mwa mtu.

Hapo ndipo unapopata njia ya kujikagua. Soma kila chumba kwa mlalo, mwezi baada ya mwezi. Mwezi wenye mapango mawili ni mgongano, mwezi usio na pango ni pengo. Kimoja kati ya hivyo kikitokea, ama umekosea kipindi ama kuna risiti haijafika.

Chumba cha tatu kilikuwa kinatengenezwa bati mpaka Agosti, kitupu. Septemba akaingia mpangaji. Kuna picha mbili: meseji ya pesa ya 2 Septemba, shilingi 150,000, na risiti 0113 ya 3 Septemba, shilingi 105,000, "Septemba hadi Novemba". Anayejumlisha picha anapata 255,000. Ukweli ni malipo mamoja. Mpangaji alituma 150,000 kwa simu, kesho yake mama akamwandikia risiti ya pango tu, miezi mitatu kwa 35,000. Ile 45,000 iliyobaki ni 35,000 ya dhamana na 10,000 ya kuchangia umeme. Dhamana ni pesa ya mpangaji iliyowekwa kwa mama, atairudisha siku mpangaji akihama. Mchango wa umeme unapita tu kwenda LUKU. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni pato la nyumba.

Desemba ya chumba hicho haina risiti. Weka nini? Si 35,000, kwa sababu hakuna ushahidi. Si sifuri pia, kwa sababu sifuri inasema mpangaji hakulipa, na hilo nalo huna ushahidi wake. Andika "hakuna risiti" ndani ya kisanduku. Excel ikijumlisha inayaruka maneno, kwa hiyo jumla haiharibiki, na anayesoma anajua wapi pa kuuliza.

Fremu ya Ruangwa ilipangwa na taasisi kuanzia 1 Machi 2024 kwa 200,000 kwa mwezi, inalipwa miezi mitatu mitatu: Machi, Juni, Septemba, Desemba. Taarifa ya benki inaonyesha 540,000 kila mara. Wengi wanaandika pango la fremu ni 180,000. Siyo. Taasisi inapolipa pango inatakiwa kukata kodi ya zuio, asilimia 10 kwa mwenye nyumba mkazi, na kuipeleka TRA kwa jina lake. Pango ni 600,000, kodi ya zuio ni 60,000, iliyofika benki ni 540,000. Omba hati za zuio, kila malipo na yake. Mama asiyekuwa nazo hana cha kuonyesha kwamba kodi hiyo amekwisha katwa. Malipo ya Desemba yanalipia Desemba, Januari na Februari, kwa hiyo miezi miwili yake ni ya 2025.

Karatasi mbili, siyo moja

Ninachopendekeza ni kutenganisha. Karatasi ya kwanza iite "Pesa zilizoingia". Humo tarehe ya kulipwa ndiyo inayotawala, na kila shilingi inagawanywa: pango, dhamana, umeme, kodi iliyozuiwa. Karatasi ya pili iite "Pango kwa mwezi". Safu zake ni A namba ya risiti, B tarehe ya kulipa, C chumba, D mwezi wa kwanza unaolipiwa, E idadi ya miezi, F umejuaje, G pango lote. Kuanzia H ni miezi, kila kichwa kikiwa tarehe ya kwanza ya mwezi huo. Kwa mama huyu miezi inaanzia Novemba 2023, pale risiti ya zamani zaidi inapoanzia, mpaka Desemba 2025, jumla miezi 26, yaani safu H mpaka AG. Fomula ni moja, unaiandika H2 na kuiburuta kulia na chini:

```
=IF(AND(H$1>=$D2,H$1<EDATE($D2,$E2)),$G2/$E2,0)
```

Inauliza kama mwezi huu uko ndani ya kipindi. Ukiwa ndani, inaweka pango la mwezi mmoja. Ukiwa nje, sifuri. Pembeni kabisa weka ukaguzi:

```
=G2-SUM(H2:AG2)
```

Jibu lazima liwe sifuri kwa kila risiti. Lisipokuwa, kipindi kimetoka nje ya miezi uliyoiweka, au tarehe imesomwa vibaya. Hili la tarehe hutokea sana, kwa sababu kompyuta nyingi zimewekwa kusoma mwezi kwanza, siku baadaye. Andika 25/12/2024 kwenye kisanduku kitupu. Ikikaa upande wa kushoto kama neno, kompyuta yako haiwezi kuelewa mwezi wa 25, na hiyo ina maana kwamba 01/05/2024 yako imeisoma kuwa tarehe 5 Januari. Rekebisha mpangilio wa tarehe kwanza, kisha endelea.

Kama mpangaji aliingia tarehe 15, amueni kanuni moja na muiandike juu ya karatasi. Iliyo nyepesi ni kwamba pango la kuanzia tarehe 15 Novemba mpaka 14 Desemba linahesabiwa Novemba. Kugawa kwa siku kunawezekana, ila kwa vyumba vya 30,000 kunaongeza makosa kuliko usahihi.

Safu F ndiyo ninayoipigania. "Umejuaje" ina majibu machache tu: imeandikwa kwenye risiti, imepatikana kwa risiti ya nyuma, mpangaji amethibitisha, haijulikani. Risiti 0114 itaandikwa "risiti ya nyuma, mpangaji amethibitisha". Anayepokea jedwali anaona ni shilingi ngapi zimesimama kwenye maandishi na ngapi zimesimama kwenye maneno.

Hesabu ikubali

Sasa tujumlishe 2024. Chumba cha kwanza 480,000. Cha pili 360,000, yaani miezi minne ya kwanza iliyolipwa tangu 2023 na minane ya risiti 0114. Cha tatu 105,000, na Desemba haijulikani. Fremu, miezi kumi, 2,000,000. Jumla 2,945,000.

Yule aliyejumlisha picha zote zenye tarehe za 2024 ana 3,255,000. Usimwambie tu kwamba amekosea. Mwonyeshe njia kutoka kwake mpaka kwako:

| Hatua | Shilingi |
|---|---|
| Picha zote za 2024 | 3,255,000 |
| Toa risiti 0113 iliyohesabiwa mara mbili | −105,000 |
| Toa dhamana na umeme | −45,000 |
| Ongeza kodi ya zuio ya fremu | +240,000 |
| Toa pango la 2025 (chumba cha pili na fremu) | −520,000 |
| Ongeza pango la 2024 lililolipwa 2023 | +120,000 |
| Pango la 2024 | 2,945,000 |

Njia hii ikifunga, una jedwali. Isipofunga hata kwa elfu tano, bado hujamaliza. Na tazama miezi. Kwa tarehe za kulipwa, Novemba iliingiza 360,000, na Oktoba haikuingiza hata senti. Kwa pango la mwezi, Oktoba ni 305,000 na Novemba ni 305,000. Januari, ambayo kwa picha ilikuwa na 240,000, kwa kweli ni 70,000, kwa sababu fremu ilikuwa haijapata mtu na chumba cha tatu kilikuwa hakina bati.

Watakaopinga

Najua kuna watakaosema haya ni makuzi ya chuo. "Mama anataka kujua pesa aliyoshika, basi." Nakubali kwamba hilo ni swali halali, na karatasi ya kwanza inalijibu. Akitaka kujua kama Machi atakuwa na pesa ya kununua saruji, tarehe ya kulipwa ndiyo muhimu, na jedwali zuri la pango kwa mwezi linaweza kumdanganya: linamwonyesha 305,000 ya Oktoba ambayo mkononi haikuwepo. Ndiyo maana nasema karatasi mbili. Kosa ni kuzichanganya kisha kuandika juu "Mapato ya kila mwezi" na kumwachia afisa mikopo akisie ni ipi.

Wengine wanasema jambo gumu zaidi: benki inapenda miezi iliyonyooka, kwa hiyo jaza Desemba ya chumba cha tatu, nani atajua? Wanaosema hivi si watu wabaya, wanataka mama apate mkopo. Lakini marejesho hayatakatwa kutoka kwenye jedwali. Yatakatwa kutoka kwenye pesa halisi, na kama chumba kimekuwa tupu tangu Desemba, anayedaiwa ni mama, si wewe uliyerudi chuoni kusubiri bumu.

Tena wengi wetu ni wapangaji. Tunaishi mageto mtaani, tunalipa semista nzima kwa mkupuo bumu likitoka, na tunaondoka na karatasi iliyoandikwa "kodi chumba". Sisi na yule mzee wa korosho tuko kwenye daftari la namna ileile. Kwa hiyo ukilipa, kabla hujaondoka, mwambie mwenye nyumba aandike mwezi wa kwanza na mwezi wa mwisho, na dhamana iwe kwenye mstari wake. Na ukipewa kazi ya kupanga daftari la mtu mwingine, mpangie kama ambavyo ungependa lako lipangwe: mwezi uliolipiwa uonekane umelipiwa, na mwezi usiojulikana ubaki na maneno "hakuna risiti" mpaka mtu apige simu kuuliza.